Taa za sola zinafifia mapema: kosa ni la paneli, kontrola au betri?

Taa zikianza kufifia saa mbili tu baada ya kuwashwa, lawama ya kwanza huangukia betri. Betri inabadilishwa, taa zinawaka vizuri kwa miezi kadhaa, kisha tatizo linarudi palepale. Sababu ni kwamba mara nyingi betri ya kwanza haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa njaa: kila mchana iliingiziwa chaji pungufu kuliko iliyotolewa usiku, mpaka ikaharibika ndani. Ile mpya nayo imefungwa kwenye njaa ileile.

Paneli yenye vumbi, kontrola mbovu na betri iliyochoka huonyesha dalili moja usiku, yaani giza la mapema. Mchana kila moja ina tabia yake. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutafuta kosa hufanyika jua likiwaka, si usiku mkiwa mnapapasa gizani.

Hapa nazungumzia seti ndogo ya volti 12: paneli ya wati 10 hadi 50, kontrola ndogo ya kawaida iliyoandikwa PWM, betri ya risasi na asidi, na taa chache za LED. Kwenye hesabu nitatumia paneli ya wati 20, betri ya 12Ah na taa tatu za wati 3 kila moja. Kifaa unachohitaji ni maltimita ya kawaida, hata ile ya bei ndogo, mradi iwe na tundu la kupimia ampia 10 za mkondo wa moja kwa moja. Bila maltimita utabaki kubahatisha. Picha ya betri kwenye kioo cha kontrola haitoshi, kwa kuwa inasoma volti za wakati huo tu. Haijui ni chaji kiasi gani imebaki ndani.

Kabla ya kufungua chochote

Angalia kwanza ni taa zote au ni moja. Ikiwa moja inafifia na nyingine zinang'aa, kosa liko kwenye taa hiyo au waya wake. Pima volti kwenye ncha za betri, kisha pima kwenye soketi ya taa hiyo ikiwa imewashwa. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta kiungo kilicholegea, swichi iliyoshika kutu ndani, au waya mwembamba uliovutwa mbali. Hapo umemaliza, paneli na betri hazihusiki.

Pili, tazama namna taa zinavyozimika. Zikipungua mwanga polepole kisha kufa, betri inaisha. Zikizimika ghafla zote kwa pamoja saa ileile kila usiku, hata siku za jua kali, usiguse betri. Kontrola nyingi zina kitufe kinachoweka muda wa kuwasha taa, na ni rahisi mtu kukibonyeza bila kujua akaweka saa tatu au nne. Fungua mpangilio wa mzigo kwenye kontrola, urudishe kwenye hali ya kuwaka muda wote. Nimeona betri nzima kabisa ikitolewa na kutupwa kwa sababu ya kitufe hicho.

Tatu, kuna swali ambalo watu hawapendi kuulizwa: matumizi yameongezeka? Simu yenye betri ya 5000mAh ina takribani wati-saa 19. Ukiongeza upotevu wa njiani, kuichaji kutoka sifuri hadi kujaa hula karibu ampia-saa 2 kwenye betri ya volti 12. Taa ya wati 3 ikiwaka saa tano hula ampia-saa 1.25 tu. Maana yake simu moja kubwa inakula zaidi ya taa moja ya jioni nzima. Nyumba iliyokuwa na simu moja ya vitufe na sasa ina simu tatu za kioo haina tatizo la ufundi. Imezidi uwezo wa seti yake.

Matumizi yakiwa yaleyale na taa zote zinafifia, endelea.

Vipimo vya siku moja

Chagua siku ya jua la kawaida. Andika volti za betri mara nne, ukipima kwenye ncha za betri yenyewe, si kwenye skrubu za kontrola.

Cha kwanza ni asubuhi kabla jua halijagusa paneli, taa zikiwa zimezimwa angalau saa mbili. Betri ya risasi iliyotulia husomeka takribani 12.7 ikiwa imejaa, 12.4 ikiwa na robo tatu, 12.2 ikiwa nusu, na 12.0 ikiwa imebaki robo. Chini ya 11.8 ni tupu. Cha pili ni saa nne asubuhi. Cha tatu ni saa kumi jioni, jua likiwa bado lipo. Cha nne ni usiku, nusu saa baada ya kuwasha taa zote.

Sasa soma mwenendo wake. Kuna picha mbili kuu, na ukizitofautisha umefika mbali.

Picha ya kwanza ni betri isiyopanda. Asubuhi ni 11.7, saa nne 12.4, jioni 12.8 na jua lilikuwa kali. Betri ya volti 12 inayochajiwa inatakiwa kufika 14.2 hadi 14.4 wakati fulani mchana. Isipofika, haijai. Umeme hauingii wa kutosha, na kosa liko upande wa paneli, waya au kontrola. Betri bado hujaihukumu.

Picha ya pili ni betri inayopanda haraka mno. Asubuhi ni 11.9, lakini saa nne tayari imegonga 14.4 na kontrola inaonyesha imejaa. Jioni mambo mazuri. Usiku ukiwasha taa, ndani ya nusu saa imeanguka hadi 12.0 na inaendelea kushuka. Hiyo ni betri iliyosinyaa: hujaa upesi kwa kuwa nafasi iliyobaki ndani ni ndogo, na kwa sababu hiyohiyo huisha upesi. Paneli hapo inaweza kuwa nzima kabisa.

Usichanganye picha hizi. Anayenunua betri kwa picha ya kwanza, na anayenunua paneli kubwa zaidi kwa picha ya pili, wote wanatupa fedha.

Betri haipandi: anza na paneli

Jambo linalowapotosha wengi ni kupima volti za paneli peke yake. Paneli ya "volti 12" ina seli 36 zilizoungana kwa mfululizo, na ikiwa haijafungwa popote hutoa volti 21 hivi. Ikipata joto hushuka hadi 19 au 20. Volti hizo hazijali vumbi sana. Paneli iliyofunikwa vumbi jekundu bado itakuonyesha 19, na fundi mwenye haraka atasema paneli ni nzima. Kinachoanguka ni ampia, na ampia ndizo zinazojaza betri.

Kwa hiyo pima ampia. Karibu na saa sita mchana, anga likiwa wazi, toa nyaya za paneli kwenye kontrola. Hamisha waya mwekundu wa maltimita kwenye tundu la 10A, weka kwenye ampia za DC, kisha gusisha ncha mbili za maltimita kwenye waya chanya na hasi wa paneli. Kwa muda huo mfupi umeifunga paneli mwisho kwa mwisho, na haidhuriki. Linganisha na namba iliyoandikwa Isc kwenye lebo ya nyuma. Paneli ya wati 20 huwa na Isc ya karibu ampia 1.2. Jua la utosini likiwa safi, kupata 1.0 au zaidi ni sawa.

Onyo ambalo halina mzaha: kipimo hiki ni cha paneli tu. Usithubutu kugusisha maltimita iliyowekwa kwenye ampia moja kwa moja kwenye ncha za betri. Betri ndogo inaweza kusukuma ampia nyingi mno kwa ghafla; nyaya zitayeyuka mkononi. Ukimaliza kupima paneli, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo, kwa sababu kosa hili hutokea kwenye kipimo kinachofuata, mtu akiwa ameshasahau.

Ukipata 0.7 badala ya 1.1, safisha paneli jioni ikiwa imepoa kisha upime tena kesho yake saa ileile, jua likiwa kali vilevile. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo gharama ya vumbi, imeandikwa kwa namba.

Vumbi si la aina moja. Lile jepesi lililotandazwa sawasawa hupunguza kiasi fulani kwa seli zote, na hasara yake huongezeka taratibu kiasi kwamba hakuna anayeigundua. Baya zaidi ni uchafu uliokusanyika sehemu moja: kinyesi cha ndege, jani lililonata, au mstari wa tope kwenye ukingo wa chini. Mstari huo hutokana na umande na mvua ndogo, ambavyo huteremsha vumbi hadi kwenye fremu likakwama hapo na kukauka. Kwa kuwa seli zimeungana kwa mfululizo, umeme wote lazima upite katika kila seli, na ile iliyofunikwa huzibana zote. Kwa hiyo kufunika seli moja tu kati ya 36 kunaweza kuangusha zao la paneli nzima, huku kioo kilichobaki kikiwa kinang'aa. Kivuli cha waya wa anteni au tawi lililokua tangu paneli ifungwe hufanya vivyo hivyo. Panda uangalie paneli saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, si saa sita peke yake.

Kusafisha kunataka maji na kitambaa laini tu, asubuhi mapema au jioni kioo kikiwa kimepoa. Maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Usitumie mchanga, jivu wala steliwaya. Mikwaruzo hukamata vumbi na haiondoki tena. Lowesha kwanza, acha tope lilainike, ndipo ufute. Paneli iliyolazwa bapa kabisa juu ya bati itachafuka tena baada ya wiki. Ikiwa na mwinamo wa angalau nyuzi 10 hadi 15, mvua huisaidia kujisafisha.

Ampia zikibaki chini hata baada ya kusafisha, fungua kiboksi cha nyuma ya paneli. Tazama kutu ya kijani, maji, au waya ulioachia lehemu. Kama hapo ni safi lakini seli zimebadilika kuwa kahawia au kuna alama za kuungua, paneli yenyewe inaelekea mwisho, na hiyo haina dawa.

Paneli ni nzima lakini betri bado haipandi

Sasa ni zamu ya kontrola. Rudisha nyaya za paneli, na betri ikiwa haijajaa na jua likiwaka, pima volti sehemu mbili: kwenye skrubu za paneli pale kwenye kontrola, kisha kwenye skrubu za betri palepale.

Kontrola ya PWM inapochaji huunganisha paneli na betri karibu moja kwa moja. Kwa hiyo paneli huvutwa chini mpaka volti zake zikaribie za betri. Ukisoma 13.1 upande wa paneli na 12.6 upande wa betri, umeme unapita, kontrola inafanya kazi. Ukisoma 20 upande wa paneli na 12.3 upande wa betri, mlango umefungwa: paneli inasukuma lakini hakuna kinachopita. Swichi ya ndani ya kontrola imekufa ikiwa imekata, au fyuzi yake imekatika, au skrubu inabana ganda la waya badala ya shaba. Kaza skrubu kwanza kabla ya kuilaani.

Kuna hali moja inayofanana na hiyo na si ubovu. Ikiwa upande wa betri ni 14.4 na wa paneli ni 19 au 20, kontrola imeona betri imejaa na inazuia kwa makusudi. Hapo rudi kwenye picha ya pili ya betri iliyosinyaa.

Lakini kabla hujarudi huko, pima mara moja zaidi kwenye ncha za betri yenyewe. Ukikuta 13.7 wakati skrubu za kontrola zinasoma 14.4, volti 0.7 zinapotea kwenye waya na viungo vya katikati. Kontrola inadhani betri imejaa, inafunga mapema, na betri haijai kamwe. Kosa hili ni la kawaida sana kwenye nyumba ambapo waya wa betri ni mrefu au ncha zimejaa unga mweupe wa kutu. Safisha ncha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo huku nyaya zikiwa zimetolewa, kausha, kaza, na ufupishe waya. Kontrola inafaa ikae mita moja au chini ya hapo kutoka kwenye betri.

Upande wa pili wa ubovu ni kontrola isiyojua kusimama. Swichi ya ndani ikiungua ikiwa imeunganisha, paneli inabaki imeunganishwa na betri jua zima. Volti za betri zitapanda kupita 15, betri itapata moto, itavimba ubavuni au itatoa harufu ya yai bovu. Ukiona hivyo, funika paneli au toa nyaya zake mara moja na ufungue madirisha. Gesi inayotoka inawaka. Kontrola hiyo haifai tena hata kwa siku moja. Swichi ikiungua namna hii inaweza pia kuvujisha umeme usiku kurudi kwenye paneli. Dalili yake ni rahisi kuithibitisha: toa nyaya za paneli jioni baada ya jua kuzama, zirudishe asubuhi. Kama asubuhi betri ina volti nyingi kuliko kawaida kwa matumizi yaleyale, mwizi umempata.

Mwisho kwenye kontrola, kagua mpangilio wa aina ya betri. Mtu akiweka lithiamu wakati betri ni ya risasi, kiwango cha kujaa na cha kukata vinabadilika. Kwa betri ya kufungwa, isiyoongezwa maji, tafuta kujaa kwenye 14.2 hadi 14.4, na kukata taa kwenye 11.0 hivi. Ukikuta kiwango cha kukata kimewekwa 12.0, taa zitazimwa betri ikiwa bado na chaji.

Na kila unapofungua, kuna utaratibu: toa nyaya za paneli kwanza, betri mwisho. Unaporudisha, betri kwanza, paneli baadaye, taa mwisho. Kontrola huitambua volti ya mfumo kupitia betri, na ikipewa paneli peke yake inapokea volti 20 bila betri ya kuzishika. Kontrola nyingi hufa hivi mikononi mwa mtu aliyekuwa anajaribu kuirekebisha.

Betri imechoka kiasi gani?

Betri ya risasi ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti ya risasi hujenga fuwele ngumu kwenye sahani zake na sehemu hizo haziwezi tena kushika chaji. Joto nalo huila: kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25, maisha ya betri hupungua kwa karibu nusu. Betri iliyowekwa darini chini ya bati haidumu, hata iwe ya kampuni gani.

Kuna betri ambayo haihitaji kipimo kirefu. Ikisomeka karibu 10.5 baada ya kuchajiwa mchana mzima na kutulia, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa sababu kila chumba hubeba volti 2.1. Hiyo imekwisha. Ya kuvimba pia imekwisha. Kwa betri ya kuongezwa maji, fungua vifuniko uangalie kama sahani ziko wazi. Kama ziko wazi ongeza maji yaliyotoneshwa, si asidi. Asidi haikupotea, kilichokauka ni maji tu, na kuongeza asidi huzila sahani.

Kwa nyingine zote, mpe betri nafasi ya haki kabla ya kuihukumu. Zima taa, au tumia moja tu, kwa siku tatu au nne huku paneli ikiwa safi. Fuwele ambazo hazijakomaa huyeyuka kwa chaji ndefu ya namna hii. Halafu pima uwezo wake: betri ikiwa imejaa na imetulia, washa taa zote bila kuchaji simu, andika saa, na uzime volti zikifika 11.5 taa zikiwa zinawaka. Taa tatu za wati 3 huvuta ampia 0.75. Betri mpya ya 12Ah ingezishikilia kwa takribani saa 13 kabla ya kufika hapo, yaani karibu ampia-saa 10. Yako ikifika saa tano tu, umebakiwa na chini ya nusu.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukua seti yetu: paneli ya wati 20, betri ya 12Ah yenye umri wa mwaka mmoja na nusu, taa tatu zinazowashwa kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku. Sasa zinafifia saa tatu usiku. Hakuna simu inayochajiwa.

Asubuhi betri inasoma 11.7. Saa nne ni 12.3. Saa sita, kwenye kontrola, upande wa paneli ni 13.0 na upande wa betri 12.6; kwenye ncha za betri ni 12.5. Umeme unapita na waya haupotezi kitu. Kontrola imefaulu. Saa kumi jioni betri ni 12.9 tu. Hiyo ni picha ya kwanza, ya betri isiyopanda.

Ampia za paneli mchana ni 0.7, na lebo inasema Isc 1.2. Kwenye ukingo wa chini kuna mstari wa tope mpana kama vidole viwili. Baada ya kuosha, 1.1.

Hesabu inaeleza yaliyotokea. Matumizi ni ampia 0.75 kwa saa tano, yaani ampia-saa 3.75. Betri ya risasi hairudishi yote inayopewa, hivyo inahitaji kuingiziwa kama 4.4, na kontrola yenyewe hula karibu 0.2 kwa siku: jumla 4.6. Mahali penye jua kamili la saa nne na nusu kwa siku, paneli safi inayotoa ampia 1.05 hivi ikiwa inachaji huleta ampia-saa 4.7. Inatosha, kwa shida. Ikiwa chafu na kutoa 0.7, huleta 3.15 tu, pungufu ya ampia-saa 1.45 kila siku. Betri ya 12Ah huishiwa ndani ya siku nane, na baada ya hapo kila usiku taa hutumia kile tu kilichoingia mchana ule. Tangu hapo betri imekuwa ikilala tupu, ikijenga fuwele.

Kwa siku nne nyumba inatumia taa moja. Siku ya tatu betri inagonga 14.4 saa tisa alasiri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kipimo cha uwezo kinatoa saa tisa hadi 11.5, yaani ampia-saa 6.75. Ni theluthi mbili ya kile ambacho ingetoa ikiwa mpya. Haijafa. Itabeba taa tatu kwa saa tano, ikiachiwa akiba ndogo ambayo siku mbili za mawingu zitaimaliza.

Uamuzi wangu hapo ungekuwa kutonunua betri bado. Kinachobana ni ile paneli inayotosha kwa shida: 4.7 dhidi ya 4.6 hakuna nafasi hata ya vumbi la wiki moja. Kubadilisha taa mbili za wati 3 kwa za wati 2 kunashusha matumizi hadi karibu ampia-saa 2.9, na ghafla paneli ileile ina ziada ya kuijaza betri hata ikiwa na uchafu kidogo. Nyumba ikikataa mwanga mdogo, basi iongezwe paneli ya pili ya wati 20 inayofanana na ya kwanza, zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kontrola ya ampia 10 itabeba zote mbili bila taabu.

Siku betri mpya itakapohitajika kweli, nenda na maltimita dukani. Betri ya kufungwa iliyokaa rafuni bila kuchajiwa hujimaliza taratibu, na inayosoma chini ya 12.5 imeshaanza kuumia kabla hujailipia; omba nyingine. Ukifika nayo nyumbani ijaze kwa mchana mzima kabla ya kuwasha taa. Usiifunge sambamba na ile ya zamani kwa kutaka kuongeza uwezo, kwa kuwa iliyochoka itaivuta mpya chini kila usiku. Ya zamani ipelekwe kwa wanaonunua betri kuukuu bila kupasuliwa, kwani ndani kuna risasi na asidi, na hakuna kati ya hivyo kinachofaa kumwagwa uani.